Mzee Hasahau Hadithi, Husahau Ameshamsimulia Nani

Kwenye nyumba nyingi za Mombasa, Kibokoni mpaka Kisauni, jioni haipiti bila kijana mmoja kusema, "Babu, hii ushanambia." Babu hushtuka kidogo, hujibu "Ala!", akanyamaza. Kesho yake baada ya alasiri, kahawa ikishamiminwa, hadithi ni ile ile, maneno ni yale yale, na hata kicheko huja pale pale kilipokuja jana. Hapo watu wa nyumbani hugawanyika. Wapo wanaosema mzee ameanza kuchanganyikiwa. Wapo wanaosema kinyume chake: wazee wa zamani wana kumbukumbu ya ajabu, hebu msikilize anavyotaja mambo ya miaka 60 iliyopita kama kwamba yametokea juzi. Makala hii inadai kwamba wote wawili wamekosea, tena kwa namna inayoweza kuumiza, kwa sababu hukumu ya kwanza humtia mtu hofu pasipo na hatari, na ya pili humtuliza penye hatari.

Mambo haya hayafahamiki vizuri bila mtu wa kumtazama, kwa hiyo tubuni mzee wa mfano. Ana miaka 82, alizaliwa Mji wa Kale mwaka 1943. Hadithi yake ni ya siku ya kwanza alipokwenda kutafuta kazi ya ukuli bandarini Kilindini, mwaka 1961. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri. Akapita mbele ya Ngome, yaani Fort Jesus, akawaona wafungwa wakitolewa kwenda kazini. Akaukata mji kwa miguu mpaka langoni, serahangi akamshika viganja, akavitazama, akacheka. Siku nzima akabeba magunia ya kahawa, na ujira wa kwanza akamnunulia mamake leso. Hadithi huchukua dakika 10, na asiyeijua nyumbani ni paka tu.

Swali la kuanzia ni kwa nini mwaka 1961. Mtu huyu ameishi miaka 82. Ameoa, amelea, amezika wazazi, amefanya kazi nyingine kwa miongo. Kwa nini siku moja ya magunia imeishinda miaka yote hiyo?

Jibu lake lilianza kutafutwa zamani. Mwaka 1879 Mwingereza Francis Galton alijichunguza mwenyewe kwa njia nyepesi sana: aliandika orodha ya maneno, akalifunua moja baada ya jingine, na kunakili ni wazo gani lililomjia na ni la wakati gani wa maisha yake. Mwaka 1974 Wamarekani Herbert Crovitz na Harold Schiffman waliifufua njia hiyo kwa watu wengi: mtu anapewa neno, kwa mfano "mto" au "kiatu", anataja tukio la maisha yake linalomjia, kisha anakadiria lilitokea lini. Mwaka 1986 David Rubin na wenzake wakakusanya matokeo ya majaribio kadhaa ya aina hiyo na kuyapanga kwa umri. Kwa vijana, picha ilikuwa kama inavyotarajiwa: mambo ya karibuni mengi, ya zamani yakipungua kadiri unavyorudi nyuma, na kabla ya umri wa miaka 3 au 4 karibu hakuna kitu. Lakini kwa waliovuka miaka 40 na kuendelea palitokea kituko. Mstari ulishuka, halafu ukapanda tena ukafanya nundu kwenye matukio ya umri wa miaka 10 hadi 30, kisha ukashuka kabisa.

Mzee wetu alikuwa na miaka 18 mwaka 1961. Yuko katikati ya nundu. Fanya hesabu hiyo kwa mzee yeyote unayemjua: chukua mwaka aliozaliwa, ongeza 10, kisha ongeza 30, na hadithi zake nyingi zitaangukia baina ya miaka hiyo miwili. Aliyezaliwa 1943 nundu yake ni 1953 hadi 1973, na humo humo ndimo zilimo jela ya Ngome kufungwa, Uhuru wa Desemba 1963 na Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964. Ndiyo maana barazani watu wa rika hilo huonekana kama wamekubaliana mada. Hawajakubaliana, nundu zao zimelaliana.

Kwa nini nundu iwepo hubishaniwa bado. Maelezo mojawapo ni ya mwili: ubongo wa ujanani hushika vizuri zaidi. Jingine ni la upya: kazi ya kwanza, nyumba ya kwanza, mtoto wa kwanza, na kitu cha kwanza hakina mwenzake wa kuchanganywa naye, ilhali siku ya 4,000 ya kubeba magunia inafanana na ya 3,999. La tatu ni kwamba umri huo ndio mtu anapoamua yeye ni nani, na kinachomweleza mtu hubaki. Kwa maoni yetu maelezo ya mwili peke yake hayatoshi, na ushahidi unaoyapunguza nguvu ni huu. Mwaka 1998 Robert Schrauf na Rubin waliwapima watu waliohamia Marekani kutoka nchi zinazosema Kihispania, wakakuta kwamba waliohama wakiwa watu wazima zaidi, katika miaka yao ya 30, nundu yao ilisogea ikaufuata umri wa kuhama. Mwaka uliofuata Martin Conway na Shamsul Haque wakachapisha utafiti wa Bangladesh: wazee wa huko walikuwa na nundu ya kawaida ya ujanani, na juu yake nundu ya pili ya umri wa miaka 35 hadi 55, iliyolingana na kipindi cha kupigania uhuru mwaka 1971. Kama ingekuwa ni nguvu ya ubongo wa kijana tu, nundu isingetembea wala isingezaa. Kwa hiyo usishangae bibi aliyehama Lamu kuja Mombasa akiwa na miaka 34 akisimulia zaidi habari za mwaka huo kuliko za usichana wake. Maisha yake yalianza upya hapo, na kumbukumbu imemfuata.

Sasa tuje kwenye uwazi wa hadithi yenyewe, viganja, kicheko, magunia, leso. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Wanadhani kwamba kwa kuwa inasikika wazi, basi tukio lenyewe limehifadhiwa kama lilivyokuwa. Kinachosikika wazi ni masimulizi yaliyosimuliwa mara nyingi mno, na kila msimulizi wa pwani anajua kinachotokea hapo: sehemu iliyochekesha hurefushwa, iliyowachosha watu hukatwa, na baada ya miaka mzee anakumbuka alivyosimulia mara ya mwisho kuliko alivyoiona siku ile. Mwaka 2002 Brian Levine na wenzake wa Toronto waliwataka vijana na wazee waeleze matukio ya maisha yao, kisha wakahesabu vipande vya masimulizi kimoja kimoja. Vijana walitoa vipande vingi zaidi vya tukio lenyewe, yaani nani alikuwepo, palikuwaje, nini kilifuata. Wazee walitoa vingi zaidi vya ujuzi wa jumla na maelezo ya pembeni: bandari ilikuwaje siku hizo, makuli walikuwa watu gani, maisha yalikuwa magumu kiasi gani. Msikilizaji huvipokea vyote kwa pamoja na kuona hadithi imejaa.

Unaweza kuipima hadithi ya mzee wetu kwa kitu kimoja tu kilichomo ndani yake. Anasema mwaka 1961 aliwaona wafungwa wakitolewa Ngomeni. Lakini Ngome iliacha kuwa jela mwaka 1958, na mwaka huo huo ikawekwa chini ya ulinzi kama mahali pa kihistoria. Mwaka 1961 hapakuwa na mfungwa wa kutolewa. Je, mzee ni mwongo? Hata kidogo. Aliwaona wafungwa hao, pengine mara nyingi, alipokuwa na miaka 12 au 14 akipita njia hiyo hiyo alfajiri. Siku moja katika kusimulia, picha ya utotoni iliingia kwenye safari ya 1961 kwa sababu barabara ni moja na saa ni moja, na tangu hapo haijatoka. Kila akisimulia anaiona kwa macho, na ukimbishia atakasirika kwa haki, kwa kuwa wafungwa ni wa kweli. Kilichokosewa ni mahali walipopachikwa. Hivi ndivyo uwazi na usahihi vinavyoachana. Anayetaka kuandika historia ya mtaa wake kutokana na wazee ni heri aamini picha na aitilie shaka tarehe, kisha aitafutie tarehe kwa vigingi: ilikuwa kabla au baada ya Uhuru? Daraja la Nyali lilikuwa lile la kuelea au hili lililofunguliwa 1980? Mtoto wako mkubwa alikuwa ameshazaliwa? Kukisia mwaka mtupu mtu hukosea kwa urahisi. Kwa kupanga kabla na baada hukosea mara chache zaidi.

Tumefika kwenye kiini. Tuseme mzee ana hadithi wazi ya ujana wake. Kwa nini amwambie mjukuu yule yule leo, na kesho, na mtondo?

Mwaka 2009 Nigel Gopie na Colin MacLeod, watafiti wa Kanada, walitenganisha vitu viwili vilivyokuwa vikichanganywa. Kimoja ni kukumbuka habari umeipata kwa nani. Cha pili ni kukumbuka habari umempa nani. Waliwapa watu vijisentensi vya mambo madogo madogo na picha za watu mashuhuri. Kundi moja liliziambia picha zile habari, jingine lilipokea habari kutoka kwenye picha. Walipopimwa bila kuonywa mapema, waliotoa habari walikosea zaidi kuliko waliopokea, na hawa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, si wazee. Sababu ni mahali akili ilipoelekea. Anayesikiliza anamtazama msemaji. Anayesema ameelekea ndani, anatafuta maneno, anapanga kinachofuata, na uso ulio mbele yake haupati sehemu kubwa ya akili. Hadithi ikiwa ni ya msemaji mwenyewe, kosa huongezeka.

Mwaka uliofuata Gopie, pamoja na Fergus Craik na Lynn Hasher, wakawapima wazee na vijana kwa njia ile ile. Matokeo yanapasa kusomwa polepole. Wazee walizitambua habari vizuri, na nyuso walizitambua vizuri. Walichoshindwa ni kuunganisha: habari hii, uso huu. Na walipogeuziwa jaribio, nyuso zikawa ndizo zinazowaambia wao, tofauti baina ya wazee na vijana ikatoweka. Kwa maneno ya nyumbani, babu anaweza kukumbuka sawasawa kwamba habari ya harusi aliipata kwa shemeji yake, na asikumbuke kwamba alishakuhadithia wewe habari za Kilindini. Tena kuna la zaidi: wazee walipokosea, yaani waliposema hawajamwambia mtu fulani na kumbe walimwambia, walikuwa na uhakika kuliko vijana. Kijana mwenye shaka huanza na "sijui kama nishakwambia". Mzee hana shaka, kwa hiyo hana sababu ya kuuliza. Anaanza moja kwa moja.

Hii ndiyo sababu tunasema "ushanambia" ni jibu lisilosaidia, mbali na adabu yake. Linampa mzee taarifa ambayo akili yake haina pa kuifungia, na kesho haitakuwepo. Linalobaki ni kuaibika, na mzee aliyeaibika mara nyingi hunyamaza moja kwa moja.

Kuna sababu nyingine ambayo haimo kichwani mwa mzee kabisa, na ajabu ni kwamba watu huisahau ingawa ni hesabu ya darasa la tano. Chukulia mzee ana hadithi 15 na husimulia 3 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 hizo ni mara 90, yaani kila hadithi mara 6. Alipokuwa mtu wa kazi na baraza, tuseme alikuwa na watu 30 wa kuzungumza nao, na kila hadithi ilisikika na 4 kati yao, leo hawa, kesho wale. Mara 6 kwa watu 4 ni masikio 24, yakigawanywa kwa watu 30 kila mmoja husikia hadithi fulani chini ya mara moja kwa mwezi. Hakuna anayelalamika. Leo wenzake wamekufa au hawatoki, miguu haifiki barazani, na masikio yaliyobaki ni ya watu 4 wa nyumbani. Hadithi ni 15 zile zile, kasi ni ile ile, lakini sasa kila mtu anasikia kila hadithi mara 6 kwa mwezi. Mzee hajabadilika hata chembe. Kilichopungua ni wasikilizaji. Mtu akikuuliza kwa nini babu "ameanza" kurudia, kwanza uliza baraza lake lilivunjika lini.

Masikio ya mzee mwenyewe nayo yamo katika hesabu. Asiyesikia vizuri hupata taabu kufuata mazungumzo ya watu watatu wanaosema kwa pamoja, redio ikiwa wazi na bodaboda zikipita dirishani. Kusimulia kunamwondolea taabu hiyo, maana msimulizi haulizwi na hahitaji kusikia. Ndiyo sababu mzee hushika usukani wa mazungumzo hasa nyumba ikijaa watu. Kabla ya kumwita daktari wa akili, mpeleke akachunguzwe masikio. Wakati mwingine tatizo ni nta iliyoganda tu, ambayo huondolewa kliniki.

Halafu kuna kichochezi. Hadithi haiji yenyewe. Huitwa na kitu. Kahawa, saa ile ya baada ya alasiri, kiti kile, harufu ya udi, meli ikilia Kilindini. Hasher na Rose Zacks walieleza mwaka 1988 kwamba uzeeni akili hupungukiwa na nguvu ya kuzuia kinachojileta. Kijana pia hujiwa na hadithi kila aonapo kikombe, ila huisukuma kando bila kujua. Kwa mzee hupita. Na kwa kuwa siku zake zinafanana, vichochezi vinafanana, na hadithi zitafanana. Hapo ndipo penye njia ya kutoka: ukitaka hadithi nyingine badilisha kichochezi, usikatize hadithi. Mtoe ukumbini mkakae mahali pengine. Mletee picha ya harusi ambayo hajaiona kwa miaka. Mtajie neno moja la kitu, si la dhana: "baiskeli", "taa ya chemni", "uji wa daku". Neno kama "utotoni" ni pana mno na litamrudisha kwenye njia aliyoizoea. Kitu kinachoshikika humpeleka kwingine.

Hadithi ikishaanza, usiizuie wala usijifanye unaisikia mara ya kwanza, kwa sababu wazee wengi hugundua uigizaji huo. Ipokee kwa kuonyesha kwamba unaijua, kisha uisogeze mbele: "Ee, hapo ndipo serahangi alipokushika viganja. Wenzako uliobeba nao walikuwa kina nani?" Kwa jibu hilo mzee ameambiwa kwa heshima kwamba hadithi imefika, na amepewa kazi mpya ya kutafuta. Mara ya kwanza anaweza kukwama, akairudia sentensi ya mwisho ili apate kasi, maana masimulizi yaliyokomaa hushikana kwa mfuatano na ukikata katikati uzi hupotea. Mpe muda. Kinachotoka baada ya kimya hicho mara nyingi hakijasimuliwa kwa miaka. Ila chunga umbo la swali. Ukiuliza "wenzako walikuwa kina nani?" unachota kilichomo. Ukiuliza "polisi hawakuja?" unaweza kupanda mbegu, na mwezi ujao polisi watakuwemo kwenye hadithi, wamevaa sare na wana sauti.

Kuna dawa nyingine ndogo iliyotoka kwenye utafiti ule ule wa 2009. Wasemaji walipotakiwa kulitaja jina la mtu kabla ya kumwambia habari, kumbukumbu yao ya nani waliyemwambia ilikuwa bora. Akili ilivutwa kutoka ndani ikamfikia msikilizaji. Nyumbani unaweza kuifanya bila kumwambia mzee kitu: kaa mbele yake wala si ubavuni, mwamkie kwa kujitaja, "Shikamoo babu, ni mie Saumu wa Mwanaisha," na kabla hajaanza umwulize swali linalomfanya akutazame. Haitaondoa kurudia, na asiahidiwe mtu hivyo. Itapunguza kidogo.

Sasa hofu ya kweli iko wapi? Haiko kwenye hadithi ya 1961. Katika ugonjwa wa Alzaima, unaoanza mara nyingi kwenye sehemu ya ubongo inayosajili mambo mapya, ya zamani hudumu muda mrefu kuliko ya karibuni; Mfaransa Théodule Ribot alilieleza jambo hilo tangu mwaka 1881. Kwa hiyo mzee mgonjwa na mzee mzima wote wawili wanaweza kusimulia Kilindini vizuri vile vile, na yule anayesema "babu hana tatizo, anakumbuka hata jina la meli" ametazama mahali ambapo ugonjwa haugusi mapema. Mtazame kwenye leo yake. Mzee mzima hurudia hadithi baada ya siku au wiki, na ukimkumbusha kwa kidokezo, "ulinihadithia jana tukila mahamri," mara nyingi hupata walau sehemu: ee, kweli, na yule jirani aliingia. Mgonjwa hurudia swali baada ya dakika 5 au 10, "leo siku gani?", "mamako amekwenda wapi?", na kidokezo hakifungui kitu kwa sababu hakuna kilichosajiliwa. Anapotea njia ya msikiti anaokwenda mara tano kwa siku. Chumvi inatiwa mara mbili, dawa za presha zinamezwa mara mbili au hazimezwi, pesa za matumizi zinafichwa na kisha mtu anashtakiwa wizi.

Kasi nayo husema. Kubadilika kwa miezi na miaka ni jambo moja. Mzee aliyekuwa sawa Ijumaa na Jumapili hajui yuko wapi, analala mchana na kupiga kelele usiku, huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu nyuma yake mara nyingi kuna maambukizi, kupungukiwa maji mwilini au dawa. Mwezi wa Ramadhani hali hii huwanyemelea hasa wenye kisukari wanaofunga huku wakiendelea na dozi ile ile, sukari ikashuka. Piritoni za mafua, zinazouzwa kila duka la dawa, zinaweza kumchanganya mtu wa miaka 80 kwa kiasi ambacho kijana angesinzia tu. Metfomini ikitumika miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, na upungufu huo huharibu kumbukumbu na hutibika. Tezi ya shingoni kulegea, vivyo hivyo. Huzuni baada ya kufiwa na mwenza hufanana sana na kusahau.

Ukimpeleka kwa daktari, usifike na neno "anasahau" peke yake, maana halimwambii kitu. Wiki mbili kabla, weka daftari: ni swali gani limerudiwa, baada ya dakika ngapi, saa ngapi ya siku, na kidokezo kilisaidia au hakikusaidia. Andika pia ni mwezi gani mlianza kuliona, na ni kazi gani aliyokuwa akiifanya mwenyewe mwaka jana ambayo leo anafanyiwa. Dawa zote anazotumia zitie kwenye mfuko mmoja uende nazo, pamoja na za duka na za mitishamba. Na mtu anayekaa naye kutwa ndiye aende, hata kama ni mfanyakazi wa nyumbani, si mtoto mkubwa aliyetoka Nairobi jana na ambaye babu, kwa furaha ya kumwona, amemsimulia Kilindini yote bila kukosea.